They kwa mtu mmoja asiyejulikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa Kiingereza, makarani wanaoandika matangazo na wafasiri. Karibu yote huanza kwa mtindo mmoja: mtu analeta sentensi moja yenye *they* na kuuliza kama inasimama. Kwa hiyo majibu yanakwenda kwa sentensi moja moja.

## Misingi

1. Je, "Someone left their umbrella here, and they haven't come back for it" ni sentensi sahihi?

Ni sahihi. Kwa Kiswahili tungesema: kuna mtu amesahau mwavuli wake hapa, na hajarudi kuuchukua. Mtu huyo ni mmoja, hatumjui, wala hatujui kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi hilo halitusumbui, maana *yeye*, *wake* na kiambishi *a-* havibagui jinsia. Kiingereza hakina neno la namna hiyo. *He* linamtaja mwanamume, *she* linamtaja mwanamke, na *it* linamshusha mtu awe kitu. Pengo hilo huzibwa na *they*, pamoja na *them*, *their* na *theirs*.

Kosa lingekuwa kuandika *someone left its umbrella*. Kuandika *someone left his umbrella* si kosa la kisarufi, ila msomaji ataelewa kwamba unajua ni mwanamume.

2. Si tulifundishwa kwamba *they* ni wingi? Neno la wingi linamtajaje mtu mmoja?

Kwa njia ileile ambayo *you* linamtaja mtu mmoja. Zamani *you* lilikuwa la wingi, na mtu mmoja aliambiwa *thou*. Polepole *you* likaanza kutumika kwa heshima kwa mtu mmoja, kisha likamfikia kila mtu, na *thou* likapotea katika mazungumzo ya kawaida. Hata leo tunamwambia mtu mmoja *you are*, hatusemi *you is*, na hakuna anayelalamika kwamba tumemhesabu mara mbili.

Umbo la neno na idadi ya watu ni mambo mawili tofauti. *They* lina umbo la wingi, kwa hiyo kitenzi chake hufuata wingi. Idadi ya watu huamuliwa na neno ambalo *they* linarejelea. Katika swali la 1 neno hilo ni *someone*, na *someone* ni mmoja.

3. Huu si mtindo mpya wa vijana wa mitandaoni?

Hapana. Kamusi kubwa ya Oxford inaonyesha matumizi haya katika shairi la karibu mwaka 1375. Yamo kwa Chaucer, yamo kwa Shakespeare, yamo katika riwaya za Jane Austen. Kilicho kipya ni kutumia *they* kwa mtu anayejulikana kwa jina ambaye hataki kuitwa *he* wala *she*. Hilo ni jambo la pembeni hapa. Tazama swali la 15.

4. Basi kwa nini mwalimu wangu aliikata kwa kalamu nyekundu?

Kwa sababu kuna kanuni iliyotungwa vitabuni baadaye sana kuliko matumizi yenyewe. Mwaka 1745 Ann Fisher, mwalimu wa Kiingereza wa Newcastle, aliandika kitabu cha sarufi kilichosema kiwakilishi cha kiume kinatosha kwa mtu yeyote kwa jumla. Mwaka 1795 Lindley Murray akatoa sarufi yake, na humo akaweka sentensi za *any one ... their* miongoni mwa makosa ya kusahihishwa. Sarufi ya Murray ilitumiwa mashuleni kwa miaka mingi pande zote mbili za Atlantiki. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza nalo likapitisha sheria iliyosema kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu pia wanawake.

Walimu walirithi kanuni hiyo wakairithisha. Shida yake ni kwamba *he* huvunjika haraka ukilipeleka mbali na neno lake. Jaribu hii: *Everybody went home early because he was tired.* Msomaji yeyote wa Kiingereza atauliza, huyo *he* ni nani? Ataona ni mtu mwingine kabisa aliyechoka. Weka *they were tired* na maana inarudi mahali pake. Au hii: *If your mother or your father calls, tell him I'm out.* Mama amepotelea wapi?

Waongozaji wa uandishi wamelegeza kamba hatua kwa hatua. Shirika la habari la AP liliruhusu *they* ya mtu mmoja kwa mipaka mwaka 2017. Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa APA unatumika katika vyuo vingi, iliikubali waziwazi katika toleo la 7 la mwaka 2019. Mwongozo wa Chicago ulikuwa mgumu zaidi: mwaka 2017 bado ulishauri uiepuke kwenye maandishi rasmi, na toleo la 18 la mwaka 2024 likaikubali kwa mtu asiyejulikana.

## Kuikagua sentensi

5. Nikipewa sentensi moja tu, naikaguaje?

Tuchukue tangazo la aina inayobandikwa getini:

*Any visitor who has lost their pass should report to the guards so that they can get a new one.*

Kwanza, tafuta mwenye *they*. Rudi nyuma katika sentensi mpaka ukutane na nomino ya mtu. Hapa ni *any visitor*: mgeni yeyote, mmoja, hajulikani. Maneno yanayofungua mlango huu kwa urahisi ni *someone*, *anyone*, *everyone*, *no one*, *whoever*, na nomino zenye *a*, *any*, *each* au *every*.

Pili, angalia vitenzi viwili tofauti. Kitenzi kilichoshikamana na nomino kinabaki umoja: *visitor who has lost*. Kitenzi kilichoshikamana na *they* kinakwenda wingi. Katika tangazo letu ni *they can get*, na *can* halibadiliki, kwa hiyo hakuna cha kuharibika. Lingekuwa *they gets* ingekuwa kosa.

Tatu, fanya jaribio la kubadilisha. Ondoa *their* uweke *his or her*, ondoa *they* uweke *he or she*. Sentensi ikibaki na maana ileile, basi ulikuwa na *they* ya mtu mmoja. Ikigoma, *they* lilikuwa linawataja watu wengine.

Nne, tafuta wingi mwingine uliojificha karibu. Hapa ndipo tangazo letu linapokwama. *The guards* ni wingi na wako karibu zaidi na *they* kuliko mgeni. Ni nani atakayepata kitambulisho kipya, mgeni au walinzi? Sarufi haina kosa, lakini maana imegawanyika. Dawa ni kukifuta kiwakilishi cha pili:

*Any visitor who has lost their pass should report to the guards to get a new one.*

Sasa anayeripoti ndiye anayepata, na *their* limebaki salama kwa sababu linatokea kabla walinzi hawajatajwa.

6. Niandike *they is* au *they are*, kwa kuwa mtu ni mmoja?

*They are*, siku zote. Vilevile *they have*, *they were*, *they do*, na kitenzi cha kawaida bila *-s*: *they want*, *they know*. Katika Kiingereza sanifu hakuna mwanya hapa.

Kinachochanganya ni kwamba sentensi moja inaweza kubeba vitenzi vya namna mbili kwa mtu yuleyule: *The caller says they are waiting outside.* *Says* lina *-s* kwa sababu limefuata *the caller*. *Are* ni la wingi kwa sababu limefuata *they*. Anayepiga simu bado ni mmoja. Wanaosahihisha kwa haraka huona *says* na *are* wakadhani kimoja kimekosewa, wakaharibu kilichokuwa kizima.

7. Kuna uthibitisho wowote kutoka kwa mambo tuliyosoma shuleni wenyewe?

Upo, na wengi wameupita bila kuuona. Kumbuka mazoezi ya vibwagizo vya maswali: *Everybody is here, ...?* Jibu linalokubalika ni *aren't they?* Na *Nobody called, ...?* jibu ni *did they?* Tazama sentensi ya kwanza kwa makini: *everybody is* iko umoja, na kibwagizo chake *aren't they* kiko wingi, ndani ya sentensi moja fupi. Mwalimu aliyekupa alama kwa *aren't they* alikuwa ameshaikubali *they* inayorudi kwenye neno la umoja, hata kama ukurasa wa pili aliikata.

8. Ni *themselves* au *themself*?

*Whoever wrote this should be proud of themselves* inakubalika kila mahali, na ndiyo ya kutumia kwenye mtihani au barua rasmi. *Themself* ni umbo la zamani lililopotea kwenye maandishi sanifu kisha likarudi. Kamusi zinalitaja, lakini wasahihishaji wengi bado hulipigia mstari. Linaeleweka vizuri zaidi pale ambapo ni lazima ionekane kwamba mtu ni mmoja: *a patient who has locked themself in*.

*Theirself* na *theirselves* ziache. Hizo ni za lahaja.

9. *Each student must bring their book* au *their books*?

Hapa idadi ya vitabu ndiyo inayoamua, *their* halina neno. Kila mwanafunzi akija na kitabu kimoja, andika *their book*. Akija na vitabu kadhaa, andika *their books*. Kwa Kiswahili tofauti hii ni ile ya *kitabu chake* na *vitabu vyake*. Wengi huandika *books* kwa kudhani *their* linalazimisha wingi kwenye nomino inayofuata. Halilazimishi.

## Pale inapoharibika

10. Jinsia ikijulikana, bado naweza kutumia *they*?

*My sister left their bag* itamfanya msomaji atafute watu wengine wenye begi, kwa sababu *sister* limeshamaliza suala la jinsia na mtu mwenyewe unamjua. Andika *her bag*. Vivyo hivyo *my father said they are coming* itaeleweka kwamba baba ametaja kundi la watu.

Lakini jinsia kujulikana si sababu ya kuikataza moja kwa moja. Waingereza husema *No mother should have to bury their child*, ingawa mama ni mwanamke bila shaka. Hapo hazungumziwi mama fulani; ni mama yeyote. Anayependa usahihi mkali ataandika *her child*, na sisi tungemshauri hivyo kwa maandishi rasmi.

11. Kwa mtihani au barua rasmi niiepuke?

Ikiwa hujui msahihishaji ni wa shule ipi, epuka bila kuonekana unaepuka. Njia nyepesi ni kugeuza nomino iwe wingi: badala ya *a student must show their card*, andika *students must show their cards*. Njia nyingine ni kufuta kimilikishi kabisa: *a student must show a card*. Zote mbili hazina doa mbele ya mwalimu wa zamani wala wa sasa.

*He or she* inafaa mara moja. Ikirudiwa mara tatu katika aya, *he or she must bring his or her card before he or she enters*, msomaji anachoka kabla hajafika mlangoni. *S/he* haina namna ya kusomwa kwa sauti.

Angalizo moja: usigeuze kwenda wingi pale ambapo umoja una kazi. *Each applicant will be interviewed with their parent* inasema kila mwombaji ataingia na mzazi wake. *Applicants will be interviewed with their parents* inaweza kumaanisha wote wataingia kwa pamoja.

12. Programu ya kukagua sarufi imepigia mstari. Niiamini?

Soma kwanza imepiga mstari wapi. Ikiwa mstari uko chini ya *they is* au *everyone are*, iko sahihi. Ikiwa uko chini ya *someone ... their* ikikupendekezea *his*, inatekeleza kanuni ya swali la 4, na unaweza kuiacha.

Kuna kosa ambalo programu inayotazama sentensi moja haiwezi kuliona, nalo ni *they* linalorejelea sentensi iliyotangulia. *They will call you tomorrow* ikiwa peke yake haina kasoro. Je, ni mtu mmoja au ofisi nzima? Sentensi yenyewe haijui. Ukaguzi wa sentensi moja unathibitisha upatanisho wa vitenzi tu. Rejea unaithibitisha kwa kusoma mistari iliyo juu yake.

## Kwa wafasiri

13. *They* hii nifasiri *wao* au *yeye*?

*Yeye*, na mara nyingi kiambishi *a-* au *m-* kinatosha. Kosa tunalokutana nalo zaidi ni hili:

*If someone calls, tell them I'm out.*

Kuna wanaofasiri: *Mtu akipiga simu, waambie sipo.* Amepiga mmoja, wanaambiwa wengi. Sahihi ni *Mtu akipiga simu, mwambie sipo.* Kiswahili hakikubali mruko huu. Ukishataja *mtu*, *mgeni* au *kila mwanafunzi*, vipatanishi vyote vinavyofuata vinabaki umoja mpaka mwisho wa sentensi. *Everyone brought their own food* ni *kila mtu alileta chakula chake*; *chakula chao* kingekuwa sufuria moja ya watu wote.

Uzuri wa Kiswahili unaonekana kwenye sentensi zenye utata. *When a nurse calls the parents, they should have the card ready.* Mfasiri hawezi kuuacha utata ulipo, maana lazima achague *awe na kadi tayari* au *wawe na kadi tayari*. Usibahatishe, muulize aliyeandika. Mara nyingi yeye mwenyewe hakujua kwamba sentensi yake ina milango miwili.

Hatari kubwa zaidi ni maandishi ya programu za simu na kompyuta, ambapo mfasiri hupewa mstari mmoja mmoja bila ukurasa wake. *This user has hidden their number* inajieleza: *Mtumiaji huyu ameficha namba yake.* Lakini *They will be notified* inaweza kuwa *ataarifiwa* au *wataarifiwa*. Kabla ya kuamua, omba picha ya skrini au tazama mstari uliotangulia. Isipopatikana, sentensi ya kutendwa isiyomtaja mtu huokoa: *Taarifa itatumwa.*

14. Lakini hata sisi husema "wameniibia simu" na mwizi ni mmoja. Si ni jambo lilelile?

Linafanana, na ni mfano mzuri wa kumweleza mwanafunzi anayeshangaa. Tunasema *wameniibia*, *wamekata umeme*, *wamepiga simu kutoka benki*, bila kujua mtendaji ni mmoja au kumi. Wingi huo unamficha mtu asiyejulikana, kama *they* linavyofanya.

Tofauti inatokea pale mtendaji anapotajwa kwa neno. *Kuna mtu ameniibia* ni sahihi. *Kuna mtu wameniibia* hakuna Mswahili atakayeisema. Kiingereza kinaendelea na *they* hata baada ya kumtaja *someone*. Na Kiingereza nacho kina *they* kama yetu ya *wamekata umeme*: *They have raised the price of sugar.* Hiyo haina mtu wa kuirejelea ndani ya sentensi, na jaribio la *he or she* la swali la 5 litaikataa mara moja. Ifasiri kwa *wa-* bila wasiwasi.

## Hali za pembezoni

15. Na mtu anayejulikana kwa jina, lakini anaitwa *they*?

Hapo mtu mwenyewe amechagua kiwakilishi hicho. Vitenzi ni vilevile vya swali la 6: jina linachukua *is*, *they* linachukua *are*. Tofauti ni kwamba huwezi kuikagua kwa sentensi moja, kwa sababu *Alex said they are coming* inaweza kuwa na maana mbili na zote ni sahihi: Alex mwenyewe anakuja, au watu wengine wanakuja. Kwa Kiswahili, akiwa ni Alex mwenyewe, ni *Alex amesema anakuja*. *Wanakuja* ingeongeza watu ambao hawapo.

16. Mtoto mchanga, mnyama, kampuni?

Kwa mtoto ambaye hujui ni wa kike au wa kiume, *they* inafaa kuliko *it*, ambayo wazazi wengi hawaipendi kusikia. Kwa mnyama, *it* inatosha, ingawa wenye mbwa wao watasema *he* au *she*.

Kampuni ni suala jingine kabisa. *The bank said they have closed the account* si mtu mmoja asiyejulikana. Ni watu wengi ndani ya jina la umoja. Waingereza huikubali, Wamarekani katika maandishi rasmi hupendelea *it has*. Chagua moja na ushikamane nayo ndani ya sentensi: *the bank has closed their office and moved its staff* inaanza na *their* na kuishia na *its*, na hilo ni kosa la kuchanganya kwa upande wowote utakaoufuata.